Korido ya Jerry inapita jikoni: namna ya kuchora nyumba ya kwenye sitkom

(Hotuba kwa wachoraji na mashabiki wa siriz, imeandikwa upya kama ilivyosemwa)

Haya jamani, asanteni kwa kuja, wale wa nyuma sogeeni mbele maana nitachora ubaoni na nataka kila mtu aone mistari.

Naanza na anwani moja. I Love Lucy, siriz ya mwaka 1951, Lucy na mumewe Ricky wanakaa 623 East 68th Street, Manhattan. Sasa chukua ramani ya New York, fuata mtaa wa 68 kuelekea mashariki, hesabu namba za nyumba, utaona mtaa unaisha kabla hujafika 623, ukilazimisha kuendelea unaingia mtoni, East River. Jengo la Lucy liko ndani ya maji. Na ndani ya jengo lenyewe mambo hayajatulia, wanaanza kwenye apatimenti 4A, mwaka 1953 wanabadilishana na majirani zao wakina Benson ili wapate nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya mtoto, wanaenda 3B, halafu baadaye mlango huohuo unasomeka 3D bila mtu yeyote kuhama.

Watu wengi wakiona hivi wanasema basi, makosa tu, waliotengeneza hawakujali. Mimi sikubaliani na hilo kabisa, na ndicho kilichonileta hapa leo. Kila mkanganyiko kwenye nyumba za sitkom una sababu yake, na ukichora vizuri ramani itakuonyesha ni sababu gani. Shida ni kwamba mashabiki wengi wanachora wakitaka nyumba moja safi inayowezekana, kwa hiyo kitu kisichokaa sawa wanakifuta, na wakishakifuta ndio wamefuta sehemu tamu kuliko zote.

Tuelewe kwanza mambo yanatokea wapi. I Love Lucy ndiyo iliyofanya mtindo wa kamera tatu za filamu kwa pamoja mbele ya watu uwe ndio utaratibu wa sitkom, mpiga picha wao mkuu alikuwa Karl Freund, mtu aliyetokea kwenye sinema za Ujerumani. Watazamaji wanakaa kwenye ngazi upande mmoja, mbele yao kuna sebule, pembeni ya sebule chumba kingine, vyote vimepangwa mstari mmoja vikiwaangalia wao. Maana yake kila chumba kina kuta tatu tu. Ukuta wa nne haupo, pale ndipo kamera zinapopita. Na nyuma ya kila mlango hakuna nyumba, kuna kipande cha ukuta kimesimamishwa ili mlango ukifunguliwa usione mataa na nyaya za studio. Hicho kipande ndicho kinacholeta matatizo karibu yote tunayozungumza leo, kwa sababu fundi amekitengeneza kizibe jicho la kamera, kazi ya kuunganisha jengo haikuwa yake.

Sasa twende kwenye mfano wenyewe, nyumba ya Jerry kwenye Seinfeld. Siriz ilienda kuanzia 1989 hadi 1998, anwani inayotajwa ni 129 West 81st Street, Manhattan, namba ya mlango ilibadilika badilika mwanzoni kisha ikatulia kwenye 5A, na jirani yake Kramer yuko 5B, mlango unaotazamana. Hiyo 5A na 5B kutazamana ishikilieni vizuri, tutairudia.

Kabla ya kuchora chochote unahitaji kitu unachojua ukubwa wake. Mimi natumia mlango. Mlango wa kuingilia apatimenti Marekani kwa kawaida una upana wa sentimita 91 hivi na urefu wa sentimita 203, kwa hiyo mlango wa Jerry ndio rula yako. Ukitaka kuhakiki, msubiri Kramer asimame palepale kwenye fremu ya mlango, Michael Richards anayemwigiza ana urefu wa karibu sentimita 190, kichwa chake kikifika karibu na juu ya mlango basi mlango ni wa kawaida na rula yako iko sawa. Lakini lazima awe kwenye fremu yenyewe, akisogea mbele hatua mbili tu kuelekea kamera anaonekana mkubwa na hesabu yako imeharibika. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, wanapima sofa kwa kutumia mlango wakati sofa iko mbele kabisa na mlango uko nyuma, halafu wanashangaa sebule imekuwa ukumbi.

Ukishapata rula, chora ukuta wenye mlango. Huo ndio mstari wa kwanza, uchore mzito, kila kitu kingine utakipima kutoka hapo. Halafu usiruke kwenda chumbani kwa Jerry, nenda kwa kitu kinachoshikana na mlango, na kinachoshikana na mlango ni jiko. Jiko lile liko wazi, lina kaunta inayolitenga na sebule, tunaliona karibu kila episodi kwa sababu watu wakiingia wanaenda moja kwa moja kwenye friji au kwenye yale maboksi ya siriali. Kwa hiyo ushahidi wa jiko ni mwingi sana, siriz nzima, na halihami. Ukikusanya skrinshoti kumi za misimu tofauti ukazipanga, kaunta iko palepale, friji palepale, sinki palepale. Hapo unaweza kuchora kwa kujiamini.

Na ukichora kwa kujiamini ndio unaona shida. Jiko linaingia ndani kupita ule mstari mzito wa mlango. Yaani ukiurefusha ule ukuta wenye mlango kwa rula, unakata jiko, sehemu ya jiko inabaki upande wa pili, upande wa korido.

Kwa jiko peke yake hakuna ubaya, nyumba zina kona, jiko linaweza kuchomoza. Sasa tufungue mlango. Nje kuna korido, na ng'ambo ya korido kuna mlango wa Kramer, na kwenye episodi ambazo kamera inatoka nje tunaona korido inanyooka kupita mbele ya milango hiyo miwili. Inanyooka! Kwa hiyo upande mmoja inaenda vizuri tu, upande wa pili, ukiifuata kwa penseli, inaingia jikoni kwa Jerry. Mtu anayetoka kwa Kramer akageukia upande huo angepita katikati ya kabati za vyombo.

Mashabiki wamebishana sana juu ya hili, na kuna majibu ya aina tatu, nataka tuyapitie moja moja maana kila moja lina namna yake ya kupimwa.

La kwanza wanasema korido inapinda. Inafika mlangoni kwa Jerry halafu inakata kona kulizunguka jiko. Ni jibu zuri, majengo ya zamani ya Manhattan yana korido za ajabu kweli. Namna ya kulipima ni kutafuta picha ya korido inayoonyesha ukuta wa upande wa Jerry baada ya mlango wake. Ukuta ukiendelea bila kona, jibu limekufa. Na picha za korido ikiwa imenyooka zipo, kwa hiyo mtetezi wa kona inabidi aseme zile picha ni za wakati mwingine au za korido nyingine, na akifika hapo ameshaanza kutupa ushahidi ili kuokoa nyumba.

La pili wanasema jiko ni jembamba kuliko linavyoonekana, kwamba lenzi inadanganya. Lenzi inadanganya kweli, lenzi ndefu inavuta vitu vya nyuma vije mbele, lenzi fupi inavisukuma mbali. Ila hapa tuna watu. George, rafiki yake Jerry, anaingia jikoni, anasimama, anafungua friji, mlango wa friji unafunguka mpaka mwisho na yeye bado ana nafasi ya kugeuka. Friji na mtu aliyesimama mbele yake vinahitaji mita moja na nusu kwa uchache, hiyo hakuna lenzi inayoweza kuiondoa. Kwa hiyo ukilibana jiko liishie kwenye mstari wa mlango, George hatoshi.

La tatu ndilo ninalolipenda, na ni kukubali kwamba tuna sehemu mbili. Kuna ile seti ya nyumba, iliyojengwa mara moja ikatumika miaka, na kuna korido, ambayo ilijengwa kwa ajili ya kitu kingine: watu wagongane mlangoni, Kramer atokee upesi, watu wabishane kabla ya kuingia. Kramer ndio sababu hasa. Ule mchezo wake wa kuingia kwa kishindo unahitaji mlango wake uwe karibu na utazamane na wa Jerry, na jiko linahitaji liwe karibu na mlango ili akiingia afike kwenye chakula kwa hatua mbili. Mahitaji mawili ya uigizaji, kila moja linaeleweka, na kwenye karatasi hayawezi kukaa pamoja. Ukiichora hivyo, jiko kwa mstari mzito, korido kwa mstari wa nukta ukipita juu ya jiko, mtu yeyote anaona palepale seti ilijengwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huo: nikiwa na vitu viwili vinavyogongana sichagui mshindi, nachora vyote, kwa wino tofauti, na pembeni ya kila mstari naandika ni episodi gani na msimu gani. Na naweka uzito. Seti inayoonekana kila wiki ina uzito mkubwa. Picha ya nje ya jengo ina uzito mdogo, mara nyingi imepigwa mji mwingine kabisa, hata jengo la Jerry linaloonekana kwa nje liko Los Angeles na sio New York. Maneno ya wahusika yana uzito mdogo zaidi, kwa sababu mwandishi anayeandika sentensi ya kuchekesha hana rula mezani.

Tarehe pia ni ushahidi, na hapa siriz ya Friends inasaidia. Mwanzoni, 1994, mlango wa Monica una namba 5 na wa Chandler na Joey una namba 4. Baadaye unasomeka 20 na 19. Shabiki asiyeandika tarehe anaishia na jengo lenye apatimenti nne badala ya mbili, nimeziona ramani za namna hiyo kabisa. Kilichotokea ni kwamba namba 5 inakuweka ghorofa za chini, na dirisha la Monica pamoja na kile kibaraza vinaonyesha wazi kwamba wako juu, wanaangalia madirisha ya majirani ng'ambo. Watengenezaji waliliona, wakabadilisha kibao, wala hawakusema kitu. Kwa hiyo hapa mkanganyiko ni marekebisho, na ramani nzuri inaandika namba zote mbili kwenye mlango mmoja, ya zamani imepigwa mstari, ya sasa iko wazi. Tofauti kabisa na ya Jerry. Kwa Jerry hakuna cha zamani na kipya, vyote viwili ni kweli siku moja.

Kuna mtu hapa ameniuliza kabla hatujaanza, je ofisi? Ofisi zinakuwaje? Nimjibu haraka kwa The Office ile ya Marekani. Ile ramani yake inakaa sawa kwa kiasi cha kushangaza, na sababu ni ya kiufundi. Haina watazamaji ukumbini, haina ukuta wa nne uliotolewa. Msimu wa kwanza, 2005, walipiga ndani ya ofisi halisi, halafu wakajenga seti iliyofuata mpangilio uleule, ina dari, kompyuta zinafanya kazi, waigizaji wanakaa kwenye meza zao hata kama tukio sio lao kwa sababu kamera inaweza kugeuka muda wowote ikawakuta. Kamera ikiweza kugeuka popote, ukuta hauwezi kudanganya. Kwa hiyo ukiwa unaanza kazi hii ya kuchora, anza na sehemu kama ile, meza ya Jim, ya Pam pale mapokezi, mlango wa Michael, utapata mkono. Anwani yao 1725 Slough Avenue msiitafute Scranton, mji wa Pennsylvania ambako hadithi imewekwa, ni salamu kwa ile The Office ya Uingereza ambayo ofisi yake iko Slough.

Sasa upande wa pili kabisa, katuni. The Simpsons. Hapa hakuna seti, hakuna fundi, hakuna mbao, kila ukuta unachorwa upya, na kwa hiyo hakuna kinachozuia kitu kuhama. Nyumba ya Homer na familia yake tunaijua kama 742 Evergreen Terrace, lakini episodi za mwanzo zinaiweka namba 94, nyingine 1094, na kuna moja inaipa mtaa mwingine kabisa, 430 Spalding Way. Hilo ni kutotulia tu, walikuwa hawajaamua. Lakini mji wenyewe, Springfield, ni kitu kingine. Kwenye filamu yao ya 2007 jirani yao Ned Flanders anamwonyesha Bart, mtoto wa Homer, mandhari akiwa juu mlimani, anamwambia majimbo manne yanayopakana na lao ni Ohio, Nevada, Maine na Kentucky. Chukueni ramani ya Marekani muangalie. Maine iko pembeni kabisa kaskazini mashariki, Nevada iko huko magharibi, hakuna jimbo linaloweza kugusa yote manne. Hii haikutokana na kusahau, imepangwa, ni mchezo waandishi wanaucheza na wewe mwenye penseli, wanajua upo. Matt Groening mwenyewe aliwahi kusema mwaka 2012 kwamba jina alilitoa Springfield ya Oregon, jimbo alilokulia, na majina ya mitaa ya Portland, mji wa hukohuko Oregon, wamepewa wahusika tele, Flanders, Lovejoy, Quimby, lakini jina kutoka Oregon halimaanishi mji uko Oregon. Kwa hiyo ukichora Springfield usiweke mshale wa kaskazini kwenye ramani nzima. Chora vipande. Nyumba ya Homer na ya Flanders pembeni yake, hicho kipande ni imara, kiweke. Baa ya Moe na vilivyo jirani yake, kipande kingine. Usiviunganishe kwa barabara mpaka uwe na tukio ambalo mtu anatoka kimoja anafika kingine bila kukata picha, na utashangaa matukio ya hivyo ni machache kiasi gani.

Na kuna watu waliolazimika kuvunja hii sheria yangu kwa matofali. Mwaka 1997 kampuni ya ujenzi Kaufman and Broad ilijenga nyumba ya Simpson ya kweli, ghorofa mbili, vyumba vinne vya kulala, karibu futi za mraba 2,200, huko Henderson, Nevada, kwa ajili ya shindano lililoendeshwa pamoja na Fox na Pepsi. Mshindi akachagua pesa, dola 75,000, badala ya nyumba, na baadaye rangi zile kali za nje zikapakwa upya zifanane na za majirani. Mnielewe ni kazi gani ile. Sisi tunaweza kuchora mstari wa nukta juu ya mstari mzito. Fundi hawezi kujenga ukuta wa nukta. Ilibidi wakae na episodi, wachague, na wakishachagua zege linamwagwa.

Fikirini mlango mmoja tu. Nyumba ya Homer ina sebule yenye lile sofa, ina chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, ina chumba cha kulia, ina jiko, hivyo vinarudi mara kwa mara. Halafu kuna chumba cha ziada huko nyuma karibu na jikoni, cha kupumzikia, kinaonekana mara chache sana, na ukiangalia nyumba kwa nje upande huohuo, mara nyingi hakuna sehemu ya kukiweka. Kwenye karatasi yangu nakichora kwa nukta na tarehe zake. Mjenzi ana njia mbili tu, akijenge na kuta za nje zisifanane na katuni, au akiache na shabiki anayekumbuka kile chumba aje aulize kiko wapi. Mimi ningekuwa mjenzi ningekiacha, kwa sababu picha ya nje ya nyumba ile ni kitu ambacho dunia nzima inakijua na ina uzito kuliko chumba cha mara moja moja, lakini ningeacha ukuta wa jikoni upande ule uwe wa mbao tu, bila bomba wala nyaya ndani yake.

Haya, nimeacha karatasi zenye miraba hapo mezani pamoja na skrinshoti za mlango wa Jerry, chukueni. Anzeni na sentimita 91, na yeyote atakayefanikiwa kuipitisha korido bila kugusa friji anionyeshe, nitakuwepo mpaka saa moja.